Katikati ya Njia Fupi: Kwa Nini Wastani wa Latitudo na Longitudo Hautoshi

Mada: Dunia kama Tufe

Mtahiniwa anapoulizwa katikati ya miji miwili ni wapi, jibu linalomjia haraka ni kujumlisha latitudo mbili na kugawa kwa 2, kisha kufanya hivyo hivyo kwa longitudo. Njia hiyo ameizoea kwenye karatasi ya grafu, ambako haikosei kamwe. Juu ya dunia inapatia mara nyingine, inakosea kidogo mara nyingine, na mara nyingine inakupeleka baharini wakati jibu sahihi liko milimani. Katika sehemu hii tutasafiri mara tatu kutoka mahali pamoja ili uone ni lini wastani unafaa, ni lini haufai, na ufanye nini usipofaa.

Mahali petu pa kuanzia ni Mbweni, Unguja, kijiji cha pwani kilicho kusini ya Mji Mkongwe, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Mbweni ipo latitudo 6.2° Kusini, longitudo 39.2° Mashariki. Safari ya kwanza inakwenda Jeddah, ya pili Jakarta, na ya tatu Toronto.

Kumbuka kwanza

Duara kuu ni duara lolote juu ya uso wa dunia ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Latitudo zote nyingine, ukiacha ikweta, ni madara madogo, kwa sababu kitovu cha kila moja kipo juu au chini ya kitovu cha dunia.

Njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya tufe hufuata duara kuu linalopita katika sehemu hizo. Kwa hiyo tunapotafuta katikati ya safari tunatafuta sehemu yenye sifa mbili kwa pamoja. Kwanza, iwe umbali sawa kutoka miji yote miwili. Pili, iwe juu ya njia fupi yenyewe. Watahiniwa wengi huikumbuka sifa ya kwanza na kuisahau ya pili.

Katika hesabu zote tutatumia nusukipenyo cha dunia R = 6,370 km na π = 3.14. Kwa vipimo hivyo, nyuzi 1 ya duara kuu ni

2 × 3.14 × 6,370 ÷ 360 = 111 km (kwa kukadiria).

Tutahesabu Kaskazini na Mashariki kuwa chanya (+), Kusini na Magharibi kuwa hasi (−).

Safari ya kwanza: Mbweni hadi Jeddah

Jeddah, bandari ya mahujaji iliyo Saudi Arabia, ipo 21.5° Kaskazini, 39.2° Mashariki. Tazama longitudo yake: ni ile ile ya Mbweni. Ukielekea kaskazini moja kwa moja kutoka Mbweni bila kukunja kulia wala kushoto, utafika Jeddah.

Kwa kuwa mji mmoja upo kusini ya ikweta na mwingine kaskazini, pembe kati yao ni

6.2° + 21.5° = 27.7°

Umbali = 27.7 × 111 = 3,075 km

Nusu ya pembe hiyo ni 13.85°. Ukianzia Mbweni (−6.2°) na kupanda 13.85°, unafika

−6.2° + 13.85° = 7.65°

Katikati ni 7.65° Kaskazini, 39.2° Mashariki. Hapo ni nyanda za juu za Ethiopia, kilomita chache kutoka Bekoji, mji unaojulikana duniani kwa wakimbiaji wake kama Derartu Tulu na Kenenisa Bekele.

Sasa jaribu wastani: (−6.2 + 21.5) ÷ 2 = 7.65. Jibu ni lile lile. Wastani umefanya kazi hapa kwa sababu latitudo hupimwa kando ya mstari wa longitudo, na mstari huo ni sehemu ya duara kuu. Njia tunayosafiri na kipimo tunachokitumia ni kitu kimoja. Nyuzi 1 ni kilomita 111 mwanzo wa safari, katikati na mwisho, kwa hiyo nusu ya nyuzi ni nusu ya kilomita.

Angalizo: Ukisahau alama ya Kusini utapata (6.2 + 21.5) ÷ 2 = 13.85° Kaskazini, ambayo ni karibu na Mekele, kaskazini kabisa ya Ethiopia. Umekosea kwa 6.2°, yaani kilomita 688. Jikague hivi: toka sehemu uliyoipata hadi kila mji, nyuzi zilingane. Kutoka 13.85° hadi Jeddah ni 7.65°, lakini hadi Mbweni ni 20.05°. Hazilingani, basi jibu si sahihi.

Safari ya pili: Mbweni hadi Jakarta

Jakarta, Indonesia, ipo 6.2° Kusini, 106.8° Mashariki. Safari hii latitudo ndiyo inayolingana. Mbweni na Jakarta zimetenganishwa na Bahari ya Hindi, lakini ziko kwenye mstari mmoja wa latitudo.

Wastani ni rahisi kuupata. Latitudo inabaki 6.2° Kusini, na longitudo ni

(39.2 + 106.8) ÷ 2 = 73.0° Mashariki

Sehemu hiyo tuiite W. Je, W ndiyo katikati ya njia fupi? Ina sifa ya kwanza, maana ipo nyuzi 33.8 za longitudo kutoka kila upande, na umbali wake kutoka miji miwili ni sawa kabisa. Sifa ya pili ndiyo haina. W ipo juu ya latitudo 6.2° Kusini, na latitudo hiyo ni duara dogo. Njia fupi haifuati duara dogo.

Ili uamini, chukua chungwa, chora ikweta kwa kalamu, kisha chora latitudo moja chini ya ikweta. Weka alama mbili zilizo mbali juu ya latitudo hiyo na uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi hautakaa juu ya mstari uliouchora. Utateremka chini, kuelekea upande wa kikonyo au kitako, yaani kuelekea ncha iliyo karibu. Katika kizio cha kusini njia fupi hujipinda kuelekea Ncha ya Kusini, na katika kizio cha kaskazini hujipinda kuelekea Ncha ya Kaskazini.

Inateremka kiasi gani? Hesabu yake unaiweza kwa trigonometria ya kidato chako. Badala ya kwenda juu ya uso wa dunia, fikiria handaki lililonyooka linalopenya ardhini kutoka Mbweni hadi Jakarta. Handaki hilo ni mstari mnyoofu, na katikati ya mstari mnyoofu hakuna utata. Ukiipata katikati ya handaki, iite M, chora mstari kutoka kitovu cha dunia kupita M mpaka juu ya uso. Pale unapotokeza ndipo katikati ya njia fupi.

Hatua ya 1. Tafuta M ipo chini kiasi gani ya usawa wa ikweta. Fikiria dunia imekatwa vipande viwili kwenye ikweta kama chungwa linavyokatwa. Mbweni ipo chini ya mkato huo kwa

R sin 6.2° = 6,370 × 0.1080 = 688 km

Jakarta nayo ipo chini kwa 688 km, kwa hiyo handaki lote, pamoja na M, lipo chini kwa 688 km.

Hatua ya 2. Tafuta Mbweni ipo umbali gani kutoka mhimili wa dunia, yaani mstari unaounganisha ncha mbili. Hiki ni kile kile nusukipenyo cha duara dogo unachokitumia kila siku:

R cos 6.2° = 6,370 × 0.9942 = 6,333 km

Hatua ya 3. Tafuta M ipo umbali gani kutoka mhimili huo. Ukiangalia dunia kutoka juu ya ncha, Mbweni, Jakarta na mhimili vinafanya pembetatu pacha yenye pembe ya 67.6° kwenye mhimili. Mstari unaotoka kwenye mhimili hadi M unaigawa pembe hiyo sawa kwa sawa, 33.8° kila upande. Kwa hiyo umbali wa M ni

6,333 × cos 33.8° = 6,333 × 0.8310 = 5,263 km

Hatua ya 4. Sasa una pembetatu yenye pembe mraba: M ipo 5,263 km kutoka mhimili na 688 km chini ya usawa wa ikweta. Pembe yake kwenye kitovu cha dunia ndiyo latitudo:

tan φ = 688 ÷ 5,263 = 0.1307

φ = 7.45° Kusini

Longitudo ni 73.0° Mashariki, kwa sababu miji miwili ina latitudo moja na hakuna upande unaovuta zaidi.

Katikati ya njia fupi ni 7.45° Kusini, 73.0° Mashariki. Ukitazama ramani utaona bahari tupu, ila kilomita 65 hivi upande wa magharibi kipo kisiwa cha Diego Garcia katika funguvisiwa la Chagos, chenye kambi ya kijeshi ya Marekani na Uingereza. Sehemu ya wastani, W, ipo kaskazini ya hapo kwa

7.45° − 6.2° = 1.25°

1.25 × 111 = 139 km

Kilomita 139 ni zaidi ya urefu wa kisiwa kizima cha Unguja. Chombo kikipatwa na shida katikati ya safari hiyo na waokoaji wakapewa sehemu ya W, watakuwa wanazunguka kwenye maji yasiyo na mtu.

Jambo moja katika hesabu hii hushangaza. Tulinganishe urefu wa njia mbili. Kwa kufuata latitudo:

67.6 × 111 × cos 6.2° = 7,460 km

Kwa kufuata duara kuu, pembe kwenye kitovu cha dunia ni 67.15°:

67.15 × 111 = 7,454 km

Tofauti ni kilomita 6 tu. Kwa hiyo usidhani kwamba, urefu wa njia ukikaribiana, katikati zake nazo zinakaribiana. Njia mbili zinaweza kulingana urefu na bado zikapita mbali kabisa. Ni sawa na kamba uliyoifunga kati ya minazi miwili: ilegeze kidogo tu, na katikati yake itaning'inia chini sana.

Kwa miji yoyote miwili yenye latitudo moja, hatua zote nne zinafupishwa hivi:

tan φ (ya katikati) = tan φ (ya miji) ÷ cos (nusu ya tofauti ya longitudo)

Kosaini ya nusu hiyo ni ndogo kuliko 1, na kugawa kwa namba ndogo kuliko 1 kunakuza jibu. Ndiyo maana latitudo ya katikati huwa kubwa kuliko ya miji, yaani huwa karibu zaidi na ncha. Miji ikiwa juu ya ikweta, tan 0° = 0, na katikati inabaki kwenye ikweta. Hapo wastani unafanya kazi tena, kwa sababu ikweta ni duara kuu.

Safari ya tatu: Mbweni hadi Toronto

Toronto, Kanada, ipo 43.7° Kaskazini, 79.4° Magharibi. Safari hii hakuna kinacholingana, latitudo wala longitudo.

Wastani unatoa:

Latitudo: (−6.2 + 43.7) ÷ 2 = 18.75° Kaskazini

Longitudo: (39.2 − 79.4) ÷ 2 = 20.1° Magharibi

Hapo ni ndani ya Bahari ya Atlantiki, magharibi ya pwani ya Mauritania.

Kabla ya kutafuta jibu sahihi, tuelewe kwa nini hili haliwezi kuwa sahihi. Nyuzi 1 ya longitudo haina urefu mmoja kila mahali. Mbweni ni 111 × cos 6.2° = 110 km. Toronto ni 111 × cos 43.7° = 80 km. Unapochukua wastani wa longitudo unazihesabu nyuzi za Mbweni na za Toronto kana kwamba zina thamani moja. Ni kama kujumlisha noti za nchi mbili kwa kuhesabu makaratasi bila kuangalia fedha ni ya wapi.

Dawa yake ni ile ile ya handaki. Kila mji tunaueleza kwa umbali mnyoofu wa namna tatu kutoka kitovu cha dunia. Umbali mnyoofu hauna tatizo la nyuzi: kilomita ni kilomita kila mahali, kwa hiyo wastani wake ni halali. Ili tusibebe namba kubwa, tuchukulie R = 1.

z = sin φ (juu au chini ya usawa wa ikweta)
x = cos φ cos λ (kuelekea longitudo 0°)
y = cos φ sin λ (kuelekea longitudo 90° Mashariki)

Hapa φ ni latitudo na λ ni longitudo.

Hatua ya 1. Mbweni, φ = −6.2°, λ = 39.2°:

x = 0.9942 × 0.7749 = 0.7704
y = 0.9942 × 0.6320 = 0.6283
z = −0.1080

Hatua ya 2. Toronto, φ = 43.7°, λ = −79.4°:

x = 0.7230 × 0.1840 = 0.1330
y = 0.7230 × (−0.9829) = −0.7106
z = 0.6909

Hatua ya 3. Jumlisha:

x = 0.9034
y = −0.0823
z = 0.5829

Ungeweza kugawa kila moja kwa 2 ili upate M yenyewe, lakini si lazima. Tunachotaka ni uelekeo kutoka kitovu, na uelekeo haubadiliki ukigawa namba zote kwa 2.

Hatua ya 4. Rudi kwenye longitudo:

tan λ = y ÷ x = −0.0823 ÷ 0.9034 = −0.0911

λ = −5.2°, yaani 5.2° Magharibi

Hatua ya 5. Tafuta umbali kutoka mhimili kwa kanuni ya Paithagorasi, kisha latitudo:

√(0.9034² + 0.0823²) = √0.8229 = 0.9071

tan φ = 0.5829 ÷ 0.9071 = 0.6426

φ = 32.7° Kaskazini

Katikati ni 32.7° Kaskazini, 5.2° Magharibi. Hapo ni nchi kavu, katika milima ya Atlas nchini Moroko, kati ya miji ya Khenifra na Midelt. Wastani ulituweka kwenye maji ya Atlantiki, nyuzi 14 za latitudo kusini ya jibu na karibu nyuzi 15 za longitudo magharibi yake.

Sehemu ya wastani haikosi sifa moja tu safari hii. Inakosa zote mbili, kama jedwali hili linavyoonyesha (umbali umekadiriwa kwa kilomita 10):

Kutoka sehemu ya wastani hadi Mbweni: 7,050 km
Kutoka sehemu ya wastani hadi Toronto: 6,120 km
Jumla: 13,170 km
Njia fupi Mbweni hadi Toronto: 12,740 km

Umbali wa pande mbili haulingani, umepishana kwa kilomita 930. Na anayepita sehemu hiyo anazunguka kilomita 430 zaidi ya anayefuata njia fupi. Ipime kwa namna hii kila katikati utakayoipata: pande mbili zilingane, na jumla yake iwe sawa na njia nzima. Sharti moja likikataa, rudi kwenye hesabu.

Mtego wa longitudo 180°

Chukua sehemu mbili juu ya ikweta, A kwenye 179° Mashariki na B kwenye 179° Magharibi. Wastani ni (179 − 179) ÷ 2 = 0°. Hapo ni Ghuba ya Guinea, upande wa Afrika Magharibi. Lakini A na B zimetengana kwa nyuzi 2 tu, na katikati yake ni 180°, ndani ya Bahari ya Pasifiki. Tofauti ya longitudo ikizidi 180°, umezunguka njia ndefu. Geuza Magharibi kuwa namba ya Mashariki kwa kujumlisha 360: 179° Magharibi ni 181° Mashariki. Wastani wa 179 na 181 ni 180, na jibu limepatikana.

Wastani unatosha lini?

Unatosha kabisa pale miji miwili ikiwa kwenye longitudo moja, au yote miwili ikiwa juu ya ikweta. Unatosha pia kwa matumizi ya kawaida miji ikiwa karibu. Kati ya Mbweni na Chake Chake, Pemba, kosa la wastani halifiki mita 100, kwa sababu kipande kidogo cha dunia hakitofautiani sana na karatasi bapa. Kosa hukua kadiri miji inavyoachana kwa longitudo na kadiri inavyosogea kwenye ncha.

Kumbuka pia kwamba jibu letu ni la tufe kamili. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: nusukipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kwa hiyo hesabu ya kweli inaweza kutofautiana na yetu kwa kilomita chache. Na katikati ya umbali si lazima iwe katikati ya muda, maana upepo unaweza kuisukuma ndege upande mmoja na kuizuia upande mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Sehemu A (10° Kusini, 39° Mashariki) na B (30° Kaskazini, 39° Mashariki). Tafuta katikati ya njia fupi.

2. Sehemu C (60° Kaskazini, 20° Mashariki) na D (60° Kaskazini, 140° Mashariki). Tafuta katikati ya njia fupi, kisha eleza ipo kilomita ngapi kutoka sehemu ya wastani.

3. Sehemu E (60° Kaskazini, 30° Mashariki) na F (60° Kaskazini, 150° Magharibi). Bila kutumia tan, taja katikati ya njia fupi na utoe sababu.

4. Sehemu G na H zipo juu ya ikweta, 170° Mashariki na 160° Magharibi. Tafuta katikati.

Majibu

1. 10° Kaskazini, 39° Mashariki. Longitudo ni moja, hivyo wastani unafaa: (−10 + 30) ÷ 2 = 10.

2. Nusu ya tofauti ya longitudo ni 60°. tan φ = tan 60° ÷ cos 60° = 1.732 ÷ 0.5 = 3.464, hivyo φ = 73.9° Kaskazini, na longitudo ni 80° Mashariki. Wastani unatoa 60° Kaskazini, 80° Mashariki. Tofauti ni 13.9 × 111 = 1,543 km.

3. Ncha ya Kaskazini. Tofauti ya longitudo ni 180°, kwa hiyo longitudo hizo mbili zinakamilisha duara kuu moja linalopita kwenye ncha, na kila sehemu ipo 30° kutoka ncha. Aliyechukua wastani atapata 60° Kaskazini, 60° Magharibi, sehemu ambayo haipo kabisa kwenye njia hiyo.

4. 160° Magharibi ni 200° Mashariki. (170 + 200) ÷ 2 = 185° Mashariki, yaani 175° Magharibi. Ukipata 5° Mashariki umeingia kwenye mtego wa 180°.